Hotuba ya mwanzilishi siku ya uzinduzi: mwongozo kamili kwa anayeizindua chapa yake Mbeya na Nyanda za Juu Kusini

Baada ya uzinduzi mmoja hapa Mbeya, tukiwa kwenye foleni ya chakula, mama mmoja mwenye duka la nafaka Mwanjelwa alinisogelea na sahani yake mkononi akaniuliza, "Kaka emsii, hivi bidhaa yenyewe ni shilingi ngapi?"

Mwanzilishi alikuwa amezungumza dakika 24. Najua kwa sababu mshereheshaji nilikuwa mimi, na saa nilikuwa nayo mimi. Alitambua viongozi mmoja mmoja kwa vyeo vyao, akasimulia maisha yake tangu shule ya msingi, akaeleza changamoto, akaomba barabara itengenezwe, akatushukuru wote na Mungu. Bei hakuitaja. Wala hakusema kesho yake bidhaa itapatikana wapi. Yule mama alikuwa amefunga duka mchana mzima kuja kusikia mambo hayo mawili tu.

Baada ya hapo nilianza kuwasaidia wenye biashara kuandaa hotuba, siyo kuwasubiri jukwaani tu. Ninachokiona mara nyingi ni hiki: mtu anaitwa kutoa hotuba, anaandika risala. Tumezikulia risala, kwa hiyo mkono unakwenda wenyewe. Risala ni ya kikundi, inasomwa kwa mgeni rasmi, ina historia, mafanikio, changamoto na maombi. Msikilizaji wake ni mtu mmoja aliyekaa meza kuu. Kwenye uzinduzi wa bidhaa, mtu huyo mmoja mara nyingi hanunui chochote. Wanunuzi wako viti vya nyuma. Kama una maombi kwa serikali, yaandike kwenye risala ya ukurasa mmoja, mtu mwingine aisome kwa dakika tatu au umkabidhi mgeni kwenye bahasha. Hotuba yako iache iwe ya wateja na washirika.

Nitaeleza hatua kwa kufuata kisa kimoja. Ni dada niliyeandaa naye hotuba yake. Anafungasha mchele wa Kyela kwenye mifuko ya kilo 1 na kilo 5, ghala lake liko Uyole. Jina la chapa yake nalihifadhi, hapa tutaiita Fulani.

Hatua ya kwanza: andika Jumatatu kabla hujaandika hotuba

Uzinduzi wake ulipangwa Jumamosi, waalikwa 80. Nilimwambia achukue orodha ya waalikwa aigawe kwa makundi, na mbele ya kila kundi aandike jambo moja analotaka walifanye Jumatatu. Wenye maduka walikuwa 35, wa Mwanjelwa, Soweto, Kabwe na wachache wa Tunduma: hao waagize mifuko. Mama lishe na wapishi wa hoteli walikuwa 15: hao wachukue kilo 5 ya kujaribu jikoni. Wakulima wa Kyela na mwenye mashine ya kukoboa: hao waendelee kumletea mpunga yeye, wasiuze kwa mlanguzi atakayepita na fedha mkononi. Waliobaki ni viongozi, jamaa na majirani, ambao tuliwatakia tu mchana mwema.

Ukishaliona hilo kwenye karatasi, nusu ya mambo uliyotaka kuyasema yanajiondoa yenyewe.

Kisha tukapiga simu. Hatua hii watu huiruka, na mimi ndiyo ninayoishikilia kuliko zote. Tuliwapigia wenye maduka watano, tukawauliza wana wasiwasi gani na mchele wa mfuko. Wa kwanza alisema mteja wake anataka kuushika na kuunusa, wa mfuko hauoni. Wa pili aliuliza ukiingia wadudu akiwa nao rafuni hasara ni ya nani. Wa tatu alisema kitu ambacho dada hakuwa amekifikiria: "Nyie wa mifuko huwa mnakuja wakati wa mavuno, ikifika Desemba hampatikani, mteja ananilaumu mimi." Wa nne na wa tano walirudia ya hao watatu, na tukajua tumefika. Maswali hayo matatu ndiyo yaliyokuwa mifupa ya hotuba. Mwanzilishi akikaa peke yake huandika majibu ya maswali ambayo hakuna aliyeuliza.

Hatua ya pili: pekua kila dai kabla ya kulitamka

Ukumbini kuna waandishi, kuna washindani, na kila mtu ana simu inayorekodi. Neno lililotoka halirudi. Tulipitia rasimu yake ya kwanza tukipiga mstari chini ya kila sentensi inayodai kitu, kisha nikamuuliza kwa kila mstari: karatasi yake iko wapi?

Aliandika "chapa yetu imesajiliwa BRELA." Alichokuwa nacho ni cheti cha jina la biashara. Hicho kinakuruhusu kufanya biashara kwa jina hilo, lakini hakikupi ulinzi wa jina lililo kwenye mfuko. Ulinzi huo unatokana na kusajili alama ya biashara, ombi jingine kabisa japo ofisi ni ileile, nalo linafanywa kwa daraja la bidhaa. Mchele uko daraja la 30. Ikisajiliwa, inadumu miaka 7 ya kwanza, kisha inahuishwa kwa miaka 10 kila mara. Na ni ya Tanzania Bara tu, Zanzibar wana usajili wao. Tukakubaliana ombi lipokelewe kwanza ndipo jina litamkwe mbele ya watu 80, maana huwezi kujua nani kati yao ana haraka kuliko wewe. Kwenye hotuba sentensi ikawa "ombi la alama yetu liko BRELA." Hakuna aliyeiona ndogo.

Alama ya ubora ya TBS nayo ni hivyohivyo. Kuitumia kunahitaji leseni, na kuiweka kwenye mfuko wa bidhaa au kujigamba nayo bila leseni ni kosa. Wajasiriamali wadogo wengi hupitia SIDO kupata barua ya utambulisho kwanza. Kama maombi yanaendelea, sema yanaendelea. Na tafadhali, usisimame mbele ya watu ukasema chakula chako kiko TFDA. Kazi ya chakula ilihamia TBS mwaka 2019, na ile mamlaka iliyobaki na dawa na vifaa tiba inaitwa TMDA. Nimelisikia kosa hilo jukwaani mara nyingi, na siku moja afisa aliyekuwa meza kuu aliinamisha kichwa akacheka.

Dai lililotugharimu jioni nzima ni "mchele wa Kyela mtupu." Nilimuuliza mpunga wote umetoka Kyela? Akanyamaza. Baadaye akasema msimu uliopita ulipopungua alijazia wa Mbarali. Mchele wa Mbarali si mbaya, watu wanaula kila siku, lakini watu wa huku pua zao zinaujua wa Kyela, na ukumbini walikuwemo watu wa Kyela. Alikuwa na njia mbili: afute neno "mtupu," au ahakikishe mzigo wa uzinduzi ni wa Kyela peke yake na aseme ukweli kuhusu siku zijazo. Alichagua ya pili, na kwenye hotuba akaandika: "Siku nitakayokosa wa Kyela, nitakwambia kwenye mfuko kwamba huu si wa Kyela." Sentensi hiyo ilipigiwa makofi kuliko zote. Mimi mwenyewe sikuitegemea.

Jambo la mwisho ni uzito. Kama unapanga kuuweka mfuko kwenye mizani mbele ya watu, pima mifuko yote ya jukwaani siku moja kabla, kwa mizani iliyokaguliwa na Wakala wa Vipimo, na kumbuka kilo 5 ni za mchele bila mfuko.

Hatua ya tatu: jenga dakika saba

Kwa nini saba? Nilimrekodi akisoma kwa sauti, nikahesabu: maneno kama 100 kwa dakika, pamoja na kupumua na makofi. Kiswahili kina maneno marefu, usidanganywe na hesabu za lugha nyingine. Dakika saba ni maneno 700, karatasi moja na nusu. Zikizidi kumi, viti vya nyuma huanza mikutano yao.

Salamu isizidi nusu dakika. Kutambua viongozi ni kazi ya mshereheshaji, kubaliana naye mapema ayamalize yote ili wewe umtaje mgeni rasmi tu. Ukisema "itifaki imezingatiwa," inatosha, hakuna atakayekasirika. Kuhusu salamu za kilugha, angalia uko wapi. Tukuyu au Kyela, "Mugonile" itakupatia ukumbi mzima. Iringa na Njombe, "Kamwene" vivyo hivyo. Lakini Mbeya mjini tumechanganyika, Wasafwa, Wanyakyusa, Wandali, Wakinga na wengine, ukisalimia kwa moja unawaacha wengine wakitazamana. Dada alianza hivi:

"Mgeni rasmi, wazee wangu shikamooni, wateja wangu habari za mchana. Naomba kuuliza. Kuna mtu humu amewahi kununua mchele wa Kyela sokoni, akafika nyumbani akaupika, nyumba isinukie kitu?"

Watu wakacheka, mikono ikainuka. Akaendelea: "Mimi nimewahi, mara tatu. Mara ya nne nikapanda gari nikaufuata mwenyewe Kyela." Historia yake yote ya biashara iliishia hapo. Rasimu ya kwanza ilikuwa na ukurasa mzima kuhusu mtaji wa kwanza na usiku wa kukosa usingizi. Nilimwambia auweke, mwandishi wa habari akimhoji utamfaa.

Dakika ya pili na ya tatu zikaeleza kwa nini mchele huchanganyika. Hapa ndipo mwanzilishi anapoonyesha anaijua kazi, na hapa usiwe na haraka. Alieleza kwamba mpunga wa mkulima mmoja ukiingia kwenye mashine ya kukoboa, ndani kuna mabaki ya mpunga wa mtu aliyetangulia; usiposimamisha mashine na kuisafisha, gunia la kwanza la kwako lina wa mwenzako. Kisha akaeleza anachofanya yeye: anakodi mashine kwa zamu nzima, wanaisafisha kwanza, na kilo za mwanzo zinazotoka haziingii kwenye mifuko. Wenye maduka walikuwa wanatikisa vichwa. Hakuna neno "ubora" lililotumika, na kila mtu alilisikia.

Jina lilikuja mwisho wa dakika ya tatu. Mfuko ulikuwa mezani umefunikwa kitenge. Akakivuta, akasema, "Huu ndio Fulani." Akanyamaza akihesabu moyoni hadi tatu. Kisha akaeleza maana ya jina kwa sentensi moja, akalirudia mara mbili katika sentensi zilizofuata. Jina jipya lisikike mara tatu ndani ya dakika moja, siyo mara tano mfululizo kama mnadani. Kichekesho ni kwamba sisi tulifunika mfuko kwa kitenge huku fulana za wahudumu zikiwa na jina kifuani. Tuligundua asubuhi ya siku yenyewe, wakavalishwa makoti. Kwa bahati ilikuwa Juni, Mbeya ina baridi, hakuna aliyeshangaa. Nawe kagua bango la getini, kadi za mwaliko na keki.

Bei ikafuata, na hapa pana mtego. Ukumbini kuna wenye maduka na kuna walaji, wote wanasikia maiki moja. Ukitangaza bei ya jumla mbele ya mlaji, umemvua mwenye duka nguo, Jumatatu mteja atamwambia "nasikia unauchukua kwa elfu kumi na sita." Kwa hiyo kwenye maiki itajwe bei ya dukani tu, ya jumla iandikwe kwenye karatasi inayopatikana mezani. Alisema hivi:

"Mfuko wa kilo 5, dukani ni shilingi 17,500. Kwenye ghala langu Uyole ni 17,500 hiyohiyo, sitauza chini ya bei ya mwenye duka. Bei hii nimeishika hadi mwisho wa Septemba. Kuanzia Oktoba nikibadilisha, mwenye duka atajua wiki mbili kabla. Na kwa yule aliyeniuliza kwenye simu Desemba nitakuwa wapi: nimehifadhi mpunga wa kutosha mifuko 400 kwa mwezi hadi Machi. Zaidi ya hapo siwezi kuahidi leo."

Tazama sentensi ya mwisho. Rasimu ilisema "mzigo upo wa kutosha mwaka mzima." Mfanyabiashara wa soko la nafaka hawezi kuiamini hiyo, ameisikia kwa wengi. Lakini 400 hadi Machi anaiamini, kwa sababu ina ukomo.

Wasiwasi wa wadudu akaujibu kwa sentensi mbili: mfuko ambao haujafunguliwa ukiingia wadudu ndani ya miezi miwili, anaubadilisha, na gari lake likija kuleta mpya linaondoka na ule wa zamani. Wasiwasi wa kunusa hakuujibu kwa maneno. Aliufungua mfuko, nitakuja hapo.

Washirika walipewa dakika moja. "Nawashukuru sana washirika wangu wote" ni sentensi isiyo na mtu ndani yake. Mtaje mtu kwa alichofanya. Alimwambia mzee wa mashine: "Mzee wangu alikubali kuisimamisha mashine yake saa nzima kwa ajili ya mpunga wangu, wateja wengine wakiwa wamepanga foleni wanamnung'unikia." Mzee alisimama bila kuombwa. Ila uwaulize kwanza kama wanapenda kutajwa. Kuna mkulima alikataa, alikuwa na deni kwa mnunuzi mwingine na hakutaka ijulikane mpunga ameupeleka wapi.

Na usiahidi uwakala kwenye maiki. Nimeona mtu akipandwa na furaha akamtangaza rafiki yake kuwa wakala wa Songwe yote, na wateja wawili wa Tunduma wakainuka kabla ya chakula.

Mwisho wa hotuba ni maelekezo ya njia: "Wenye maduka, meza ya kulia mlangoni kuna karatasi ya bei na daftari la oda. Wapishi, meza ya kushoto, kila mmoja ana mfuko wa kujaribu. Sasa namwomba mgeni rasmi aje akate utepe." Akakaa. Hapakuwa na "kabla sijamaliza."

Hatua ya nne: iandike kwa mdomo

Rasimu ya karatasini huwa na sentensi ambazo hakuna binadamu anayezitamka. Rekodi kwenye simu ukimweleza jirani biashara yako, kisha andika ulichosema. Dada alikuwa ameandika "bidhaa yetu imezingatia mahitaji ya mlaji wa kisasa." Kwa mdomo, akimweleza mdogo wake, alisema "mawe hayamo, chenga tumezipepeta, ukinunua unapika." Tukaiweka ya pili.

Kisha sikiliza maneno ya kuvutia muda. Yeye alikuwa na "niseme tu kwamba," mara kumi na moja. Mwingine ana "kimsingi," mwingine "mimi kama mimi." Huwezi kuyaona kwenye karatasi, yanatoka mdomoni tu, na ukishayasikia mwenyewe mara moja utaanza kuyaogopa.

Hatua ya tano: jiko, meza kuu na hali ya hewa

Kama unazindua chakula, hotuba yako inaendelea kwenye sahani. Siku mbili kabla tulimwomba mpishi wa shughuli apike kilo tano za Fulani. Ukatoka bokoboko. Dada karibu alie. Mpishi alikuwa ametumia kipimo chake cha siku zote, vikombe viwili vya maji kwa kimoja cha mchele, na mchele ulikuwa wa mavuno ya msimu uleule; mchele mpya hunywa maji machache kuliko uliokaa. Aliporudia kwa kikombe kimoja na nusu, ukachambuka punje kwa punje na jiko likanukia. Tukalitia kwenye hotuba: "Huu ni wa msimu huu. Punguza maji, kikombe kimoja na nusu kwa kimoja, usiujaze." Mama lishe waliokuwa wamekaa wima walitoa kalamu.

Hakikisha pia kinacholiwa ndicho kinachozinduliwa. Kwenye shughuli moja mzigo ulichelewa kufika jikoni, mpishi akapika mchele wake wa akiba, na mwanzilishi akasimama kuusifu "huu mnaoula sasa." Mpishi alisikia kutoka nyuma. Hata wahudumu wake walisikia.

Mgeni rasmi naye huja na maneno yake. Msaidizi wake atakuomba dondoo, mpelekee siku tatu kabla, nusu ukurasa tu: jina la chapa na linavyotamkwa, bidhaa ni nini, na jambo moja unaloomba alisisitize. Usimpe bei. Mgeni akitaja bei tofauti na yako, utashindwa kumsahihisha. Na kwa kuwa wageni huchelewa, andaa hotuba mbili: ya dakika saba na ya dakika mbili. Fupi ina tatizo, jina, bei na mahali pa meza, basi. Muda ukiliwa, mshereheshaji atakuja kukunong'oneza "fupisha," na mtu asiye na fupi mkononi husoma ndefu kwa haraka, jambo baya kuliko yote.

Hali ya hewa ya huku ina sheria zake. Juni na Julai usifanye nje jioni. Jua likishuka Mbeya watu wanafunga makoti na kuondoka, hotuba yoyote isikike kabla ya saa kumi na moja. Kuanzia Novemba hadi Aprili shida ni mvua ya mchana juu ya bati. Kumbi nyingi hazina dari ya kuzuia sauti, na mvua ikishuka hata spika kubwa hazisaidii. Andika jina na bei kwenye karatasi kubwa mbili uziweke chini ya kiti. Mvua ikianza, usishindane nayo. Nyamaza, inua karatasi, subiri. Umeme ukikatika, zinafaa vilevile.

Hatua ya sita: zoezi ukiwa na mfuko mkononi

Kusoma mbele ya kioo hakutoshi, kwa sababu kioo hakikuombi ufungue mfuko. Siku ya zoezi dada alikuwa na maiki mkono wa kulia na mfuko wa kilo 5 mkono wa kushoto, ukiwa umeshonwa kwa uzi juu. Akavuta uzi, ukakaza. Akavuta tena, ukakatika, mshono ukabaki. Mshono ule wa mnyororo unafumuka ukivutwa kutoka upande mmoja tu. Ukiuanza upande wa pili unajifunga. Tukaweka alama ya kalamu nyekundu upande unaofumuka, tukamweka kijana wa kushika maiki, na mkasi chini ya kitenge kwa dharura. Akarudia mara sita mpaka mfuko ukafunguka kwa mvuto mmoja.

Siku yenyewe ulifunguka hivyo, akachota kiganja kimoja cha mchele, akashuka jukwaani akampelekea mama wa duka aliyekaa safu ya tatu, yule aliyelalamika kwenye simu kwamba mteja anataka kunusa. Akamwambia, "Mama, nusa." Mama akanusa, akampa jirani yake. Hotuba ilisimama karibu dakika moja kiganja kikizunguka safu ile, na dada akawa na akili ya kutoizungumzia. Kwenye zoezi alikuwa na sentensi ya kujazia ukimya huo. Nafurahi aliisahau.

Baada ya kushuka jukwaani

Usiende meza kuu kupiga picha. Nenda meza ya oda, kaa hapo dakika 20 za mwanzo, ndizo watu wanazoamua. Daftari liwe na jina la duka, mtaa, simu, idadi ya mifuko na siku ya kupelekewa. Kati ya wenye maduka 35, walioandika oda siku hiyo walikuwa 19, wengi mifuko kumi au pungufu. Walipopigiwa Jumatatu asubuhi, 16 walithibitisha. Hao watatu waliopotea ni kawaida, mtu akishiba anaandika chochote.

Ukurasa wa nyuma wa daftari tuliuacha wa maswali ambayo hotuba haikuyajibu. Yaliandikwa manne, na matatu kati yake yaliulizia mfuko wa kilo 1: bei yake, faida yake, na kwa nini hakuutaja kabisa. Ni kweli, tulimsahau mteja wa mtaani anayenunua kilo moja jioni akitoka kazini. Wiki mbili baadaye alikwenda Iringa kufanya shughuli ndogo ya wenye maduka 20. Salamu ikawa "Kamwene," kilo 1 ikaingia dakika ya nne kabla ya kilo 5, na bei ya dukani ya kilo 5 ikasomeka 18,500, kwa sababu barabara kutoka Mbeya ni zaidi ya kilomita 300 na nauli ya mzigo lazima mtu ailipe. Aliitaja hiyo nauli wazi kwenye maiki. Swali la kwanza alilopata mezani lilikuwa la siku ambazo gari litafika Mafinga.